Tipa Isiyofika kwa Shosho

Nzembi alikuwa na daftari la mistari mikubwa, la watoto wa darasa la pili, na ndani yake aliandika mambo ambayo mtu mwingine angeyaona ni wazimu. Nani kashinda. Kwa njia gani. Kwa zamu ngapi. Nani kanunua kadi gani kwanza. Kwa miaka miwili hakuna mchezo uliochezwa mbele yake bila kuandikwa, na Kyalo, binamu yake anayeendesha gari la kusambaza mikate, alimwambia mara nyingi kwamba hata polisi hawaandiki hivyo.

Alikuwa na miaka thelathini na nne, mfupi, mkaidi, mwenye kucheka kwa nadra lakini kwa kelele. Alizaliwa Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, baba yake mchonga vinyago kutoka Ukambani aliyeishia kuchonga miiko na mipini ya nyundo kwa sababu vinyago havikuwa na wanunuzi. Kucheza karata alijifunza nje ya mageti ya viwanda vya Industrial Area, akiwa na wanawake waliokuwa wakisubiri kuitwa kazi ya siku. Sasa alikuwa ndani ya geti. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha maboksi, akipanga kwenye kompyuta jinsi karatasi itakavyokatwa ili isipotee bure. Alihamia mtaa wa Fedha, ghorofa ya tatu, na huko ndiko mchezo wake ulikozaliwa.

Mchezo aliuita Ploti, yaani kiwanja. Kila mchezaji anajenga nyumba, na anaanza na kadi kumi tu: saba za Jasho, ambazo kila moja inampa nguvu moja, na tatu za Vifusi, ambazo hazina faida yoyote. Kila zamu unashika kadi tano. Kwa nguvu ulizo nazo unanunua kadi mpya kutoka katikati ya meza, kisha zote, mpya na kuukuu, zinaenda kwenye rundo lako la kando. Ukiishiwa, unachanganya rundo hilo na kuanza tena. Kwa hiyo unachonunua leo kitakurudia mkononi kesho, kiwe kizuri au kibaya. Kadi za Vyumba ndizo zenye ushindi, lakini chumba hakifanyi kazi. Kinakaa tu mkononi kama mgeni wa mchana, kikichukua nafasi ya kadi yenye nguvu. Vyumba vikiisha mezani, mwenye vingi kashinda.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na Nzembi aliujua kabla ya mtu yeyote kumwambia. Mchezo wa aina hii ukiwa na njia moja tu ya kushinda, unakufa. Watu wakishaigundua, kila mtu anaifuata, na kadi nyingine zote zinabaki mapambo. Kwa hiyo aliweka njia nne. Unaweza kununua Jasho kubwa kubwa tu na kusonga mbele bila akili nyingi. Unaweza kukusanya Mafundi, ambao wanaitana, huyu akikuletea kadi mbili, yule akipata nguvu kwa kila fundi aliyetangulia. Unaweza kununua Mkokoteni, unaotoa kadi mbovu nje ya mchezo kabisa, ukabaki na rundo dogo lililo safi. Au unaweza kununua Msingi, ambao unafukiwa kwa vifusi na kukupa nguvu mbili kwa kila Kifusi ulichoshika, na hapo uchafu wa wengine unakuwa mali yako.

Na ili njia hizi zisikae kimya kila moja kwenye kona yake, aliweka Tipa, lori la kumwaga. Ukicheza Tipa unamchagua mtu mmoja na kumwagia Vifusi viwili kwenye ploti yake. Mtu mwenye ploti Njiru, pembezoni mwa jiji, hahitaji maelezo. Ameamka mara ngapi akakuta lori limemwaga takataka mlangoni? Tipa inamchelewesha fundi, inamchafulia mwenye mkokoteni, inamlisha mwenye msingi.

Walicheza jioni nne kwa wiki, ghorofa ya chini, kwa Shosho Waruguru, nyanya wa kila mtu pale. Huyu alikuwa na miaka sabini na mmoja, fundi cherehani mstaafu, mjane wa mzee Ng'ang'a, na meza yake ya kukatia nguo ndiyo pekee katika jengo zima iliyotosha watu wanne na kadi zao. Wa tatu alikuwa Kyalo, na wa nne Lorraine, karani wa shule, jirani wa Nzembi, msichana wa maneno mengi.

Na Shosho alishinda. Katika michezo kumi na sita ya mwezi ule, Shosho alishinda kumi na mmoja, yote kwa Mkokoteni, maana yeye ni mtu wa kufagia na uchafu haukai kwake hata kwenye karata. Aliimba wimbo wa kanisani akihesabu vyumba vyake. Aliwaambia majirani ngazini. Lile jengo zima lilijua kwamba Shosho wa chini hapigiki.

Nzembi alilitazama daftari akafanya ambalo mtengeneza mchezo yeyote angefanya. Aliamua Mkokoteni una nguvu kupita kiasi. Akapandisha bei yake kutoka nguvu tatu hadi nne. Shosho akashinda. Mwanzoni Mkokoteni ulikuwa pia unakupa kadi moja ya ziada, akaiondoa. Shosho akashinda. Mwisho, badala ya kutoa kadi mbili mbovu, akaufanya utoe moja tu. Shosho akashinda, tena kwa vyumba vingi kuliko juzi.

Huku saa zinakwenda. Phares, msimamizi wa mitambo kiwandani, alikuwa amemwekea bodi nzuri, karatasi nene iliyobaki kwenye kazi ya mteja mmoja, ya kutosha kuchapa seti mia tano za mchezo. Alikuwa amemwambia waziwazi: "Jumatatu asubuhi natengeneza pleti za kuchapia. Zikishatengenezwa, hubadilishi hata nukta. Na bodi kama hii sijui nitaipata tena lini."

Siku tisa kabla ya Jumatatu hiyo, Nzembi aliupeleka mchezo kwenye ukumbi wa kanisa hapo Fedha, ambako vijana na watu wazima hukutana kila Jumamosi kucheza michezo ya mezani. Anayewaongoza ni Wathome, mtu mpole mwenye miwani minene. Walicheza mara nane. Jioni Wathome akamrudishia sanduku kwa mikono miwili, akamwambia polepole kama mtu anayetoa habari za msiba: "Nzembi, mchezo ni mtamu. Lakini saba kati ya nane wameshinda wale walionunua Tipa mbili mapema. Na hakuna aliyegusa Mkokoteni mara ya pili. Hausaidii kitu."

Alitembea hadi nyumbani huku amekasirika. Kadi zilezile! Kwenye meza moja Mkokoteni haushindiki, kwenye meza nyingine ni takataka. Kwenye meza moja Tipa haimpi mtu ushindi, kwenye nyingine inatawala. Ama Wathome na watu wake hawakujua kucheza, ama kuna kitu alikuwa hakioni. Na Nzembi, kwa ukaidi wake wote, hakuwa mtu wa kujidanganya. Alijua ni yeye asiyeona.

Jumatano alikuja kwa Shosho na kopo lenye vikaratasi vinne.

"Leo hakuna kuchagua njia," alisema. "Kila mtu anavuta kikaratasi. Ukivuta Mafundi, unacheza Mafundi hata kama hupendi. Na viti pia tunapigia kura."

"Na sisi ni panya wa maabara sasa?" Lorraine aliuliza.

"Ndiyo. Vuta."

Kyalo alipata Mkokoteni. Shosho alipata Jasho, ile njia ya kununua nguvu tupu, ambayo hata mtoto anaweza. Alinung'unika kwamba hiyo si njia ya mtu mwenye heshima zake. Kisha akashinda. Wakavuta tena, akapata Mafundi, akashinda. Kyalo, aliyevuta Mkokoteni mara zote mbili, alikuwa wa mwisho.

Usiku ule Nzembi hakulala vizuri, na kesho yake wakati wa chakula cha mchana kiwandani alifungua daftari akaanza kuhesabu kitu ambacho hakuwahi kukihesabu. Alikuwa amekiandika siku zote kwa sababu anaandika kila kitu: kila Tipa iliyochezwa, iliendea nani. Alichora safu nne. Katika michezo yote ya mwezi ule Tipa zilikuwa thelathini na moja. Kyalo alimwagiwa kumi na nne. Lorraine tisa. Yeye mwenyewe nane.

Shosho, sifuri.

Alihesabu mara ya pili, kisha mara ya tatu huku akicheka peke yake mpaka Phares akamtazama. Sasa ni nani angemmwagia vifusi Shosho? Nyumbani kwake, mezani kwake, wakinywa chai yake? Hata yeye Nzembi, mwenye mchezo, kila aliposhika Tipa mkono ulikwenda wenyewe kwa Kyalo. Walikuwa wamelelewa hivyo, wote watatu. Shosho naye, ambaye hakuwa na mkubwa pale mezani, aliwamwagia wote bila huruma, akisema pole baada ya kila lori.

Kicheko kilikwisha alipofahamu maana yake. Kwa mwezi mzima alikuwa ameutia ulemavu Mkokoteni usio na kosa. Na sasa ulikuwa dhaifu kiasi kwamba kwenye meza isiyo na shosho, hakuna kinachoizuia Tipa. Alitibu mguu usio na ugonjwa, akaacha mgonjwa afe kwa moyo.

Jioni alimwita Lorraine ngazini akamwonyesha zile safu.

"Woi," Lorraine alisema. "Usimwambie Shosho. Badilisha tu kadi, mambo iishe. Huyo mama anaringa na hiyo kitu. Hata mama mboga anajua ye ni champion."

Nzembi alikubali. Ilikuwa njia rahisi, na haikuwa na ubaya wowote. Wakaingia, Shosho akawamiminia chai, Kyalo akafika na mkate uliopondeka wa kazini. Nzembi alikwenda kunawa mikono, akaacha daftari mezani, wazi.

Aliporudi, Shosho alikuwa amevaa miwani yake ya kutungia uzi.

"Hii sifuri," alisema, akiweka kidole. "Ni yangu?"

Kyalo aliutazama mkate.

"Kyalo kumi na nne. Lorraine tisa. Wewe nane. Mimi bure." Alivua miwani. "Kwa hivyo mmekuwa mkiniachia."

"Si kukuachia, Shosho," Kyalo alisema. "Sasa mimi nikurushie takataka aje? We ni mzazi."

"Nilikuuliza kama mimi ni mzazi, ama nilikuuliza kama tunacheza?" Alilisukuma daftari upande wa Nzembi. "Tangu nimzike Ng'ang'a, watu wa hili jengo wananipokea kikapu. Wananipisha ngazini. Nikisema kitu cha kuchekesha wanacheka kabla sijamaliza. Nilijua. Lakini hapa mezani nilidhani napigana. Nilidhani hivi vyumba nimejenga mimi."

Alikusanya vikombe, chai ikiwa bado ndani. "Endeni. Leo nimechoka."

Walitoka. Nzembi alisimama ngazini akiwa amelikumbatia daftari na alitamani kulitia kiberiti. Aliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Alikuwa amempima mama wa watu kama unavyopima bodi. Na siku zilizobaki zilikuwa tatu.

Lakini hakuwa mtu wa kukaa chini na kulia muda mrefu. Ijumaa aliomba ruhusa ya nusu siku, akaketi na kadi tupu na kalamu ya wino. Jambo la kwanza, Mkokoteni ukarudi: nguvu tatu, unatoa kadi mbili. Ile kadi ya ziada hakuirudisha, maana anayesafisha lazima zamu yake idhoofike, ama sivyo anapata usafi bila kulipia. Nyapara, fundi anayeita wenzake, akamwachia nakala nane tu mezani, ili mtu mmoja asiwabebe wote. Kisha akaikabili Tipa.

Aliifikiria sana. Angeweza kuiacha ichague na kuandika kwenye kanuni, tafadhali msioneane haya. Aliwaza nyumba mia tano. Katika ngapi kuna shosho? Kuna baba mkwe, kuna mchungaji aliyekuja kutembea, kuna mgonjwa aliyetoka hospitali jana. Kadi inayosubiri mtu amkosee mzazi wake adabu ili ifanye kazi, haitafanya kazi. Na kosa si la watu. Kosa ni la kadi.

Akaifuta. Akaandika upya: kila mchezaji mwingine anapata Kifusi kimoja. Hakuna kuchagua. Kwa kuwa sasa inawagusa watatu, bei ikapanda kutoka nne hadi tano, na nguvu mbili ilizokuwa pia ikimpa mwenye kuicheza zikaondoka, akabaki na kadi moja ya kuvuta. Rundo la Vifusi akaliwekea kumi na viwili tu. Vikiisha, Tipa inabaki lori tupu. Na aliyejilimbikizia Tipa atatambua kwamba kila anapomwaga, anamlisha bure jirani yeyote mwenye Msingi. Mwisho akaongeza kadi moja ndogo, Geti: ukiwa umeishika mkononi, unaionyesha, lori linapita.

Jumamosi asubuhi alimpelekea Wathome seti moja iliyoandikwa kwa mkono. Nyingine akashuka nayo hadi ghorofa ya chini, akabisha.

Shosho alifungua mlango nusu. Hakumkaribisha.

"Shosho, nimekuja kuomba msamaha. Na nimekuja kuomba meza."

"Unaanza na gani?"

"Msamaha. Tulikukosea. Mimi zaidi, maana niliandika na sikuona." Alimpa ile kadi mpya. "Tipa siku hizi haichagui. Ikimwaga, inamwaga kwa wote."

Shosho aliisoma bila miwani, akiishikia mbali. "Mimi nataka ile ya zamani. Ile ya kuchagua. Nataka Kyalo anichague mimi, aniangalie machoni."

"Kyalo hawezi, Shosho. Hata ukimwamrisha. Ataitupa chini ya meza." Nzembi hakutaka kuliacha jambo hili, hata kwa kumfurahisha. "Na wewe mwenyewe, siku mama mkwe wako angekaa pale, ungemrushia?"

Mama mkwe huyo alikuwa marehemu kwa miaka ishirini, lakini Shosho aliwaza kidogo, na kona ya mdomo ikamcheza.

"Yule," alisema. "Yule singemwachia hata nusu lori." Akafungua mlango wote. "Lakini nimekuelewa. Waite."

Walicheza michezo saba siku ile na mitano Jumapili baada ya kanisa, viti kwa kura, njia kwa kura. Mchezo wa kwanza, katika zamu ya sita, Kyalo alishika Tipa. Mkono wake ulisimama hewani. Aliitazama kadi, akamtazama Nzembi, akamtazama Shosho.

Shosho alinyoosha kiganja juu ya meza. "Lete yangu."

Kyalo akampa Kifusi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi sadaka, na Lorraine akacheka mpaka akashika mbavu. Shosho akakiweka kwenye rundo lake. Alishindwa mchezo ule. Akashindwa wa pili pia, akiwa na Mkokoteni, kwa kuwa alisafisha sana na kusahau kununua vyumba mapema. Zamani hakukuwa na haraka. Katika wa tatu alikuwa wa mwisho kabisa. Alizipanga kadi zake moja moja mezani, na Nzembi akawa na hakika kwamba wamemwonea mara ya pili.

"Huyo Nyapara," Shosho alisema mwishowe. "Nilimnunua kwa kuchelewa, si ndiyo? Pangeni tena. Na mtu asinimiminie chai, naweza."

Jumapili jioni Wathome alipiga simu. Kwao michezo minane: Jasho mara mbili, Mafundi tatu, Mkokoteni moja, Msingi mbili. "Na wamebishana hadi kufukuzwa ukumbini," alisema. "Hawakubaliani ni ipi kali." Nzembi alimwomba arudie sentensi hiyo ya mwisho.

Kisha akafungua daftari mbele ya wote. Katika michezo yao kumi na miwili, Jasho ilishinda mara mbili, Mafundi nne, Mkokoteni tatu, Msingi tatu. Michezo ishirini si mingi, alijua. Angetamani mia mbili. Lakini hakukuwa na njia iliyokimbia na wengine, wala iliyobaki nyuma imekufa. Angeweza kumpelekea Phares bila kumficha macho.

"Na watu?" Shosho aliuliza.

"Lorraine nne. Kyalo tatu. Mimi mbili." Nzembi alimtazama. "Wewe tatu, Shosho."

Kutoka kumi na moja kati ya kumi na sita hadi tatu kati ya kumi na mbili. Lorraine alifungua mdomo kusema neno la kumpoza, Nzembi akamkanyaga mguu.

"Na Vifusi? Vilinifikia vingapi?"

Nzembi alipitisha kidole kwenye safu. "Kumi na tisa."

Shosho alivaa miwani yake, akalivuta daftari, akaitazama ile namba kwa muda. Kisha akachukua kalamu mkononi mwa Nzembi, na pale penye ushindi wake, akaizungushia duara ile tatu, polepole, kama anavyochora kola kwenye kitambaa.

"Hizi," alisema, "nimejenga mimi."